Siku kumi zilezile, zimehesabiwa mara tatu

Wiki hii meneja mmoja amenifungulia ratiba ya ujenzi, akaweka kidole kwenye safu ya nafasi ya kuchelewa, akaniambia kwa furaha kwamba kazi zake tatu za madirisha zina siku kumi kila moja, na kwamba kwa hiyo upande huo ana siku thelathini za kupumua. Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno. Safari hii naliandika, ili atakayelirudia nimpelekee maandishi badala ya kupandisha sauti.

Kazi zenyewe ni hizi, na siku zote ninazozitaja ni siku za kazi. Michoro ya madirisha huchukua siku 6, kutengeneza fremu siku 16, na kuzisafirisha hadi kwenye eneo la ujenzi siku 8, jumla siku 30. Wakati huohuo kuta zinajengwa kwa siku 40, na madirisha hayawezi kufungwa kabla kuta hazijaisha. Kuta ndizo zilizo kwenye njia ndefu kuliko zote, ile inayoamua tarehe ya mwisho ya mradi. Mnyororo wa madirisha una nafasi ya siku 10, yaani 40 kutoa 30. Ni siku 10 za mnyororo mzima.

Kwa nini basi programu ya ratiba inaandika 10 mbele ya kila kazi? Kwa sababu kila mstari unajibu swali lake peke yake: ikiwa kazi nyingine zote zitakwenda kama zilivyopangwa, hii inaweza kuchelewa siku ngapi bila kusogeza mwisho wa mradi? Jibu ni 10 mara tatu, na kila jibu ni sahihi mradi majibu mengine mawili yasitumike. Ni kama watu watatu walioonyeshwa mtungi mmoja wa maji, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba ni wake.

Tuone linavyotokea. Mchoraji anachelewa siku 6 na hana wasiwasi, kwani hakufikia 10. Fundi wa fremu anaanza siku ya 12 ilhali alipangiwa kuanza siku ya 6. Naye anachelewa siku 7, ambazo pia hazifiki 10, hivyo anamaliza siku ya 35. Msafirishaji anatumia siku zake 8 bila kupoteza hata moja, na fremu zinafika siku ya 43. Mradi umechelewa siku 3, na anayegombezwa ni msafirishaji, mtu pekee ambaye hakukosea.

Ndiyo maana nawaomba mameneja wasome safu mbili kwa pamoja. Katika Microsoft Project zinaitwa Total Slack na Free Slack, nayo Primavera P6 huziita Total Float na Free Float. Safu ya kwanza ndiyo ile yenye 10 tatu. Safu ya pili ndiyo isiyosomwa na mtu, nayo inaeleza kazi inaweza kuchelewa kiasi gani bila kuisumbua hata ile inayoifuata. Katika mfano wetu michoro ina 0, fremu zina 0, na usafirishaji una 10. Kwa hiyo usafirishaji ndio pekee unaoweza kuchelewa kimyakimya, tena ikiwa waliotangulia hawajazila siku hizo. Michoro nayo inaweza kuchelewa, lakini fundi wa fremu ni lazima aambiwe siku hiyohiyo, na ratiba ipigwe hesabu upya.

Kwa haraka tu: ukiona kazi yenye nafasi ya siku 90 katika mradi mfupi, usishangilie. Mara nyingi mpangaji amesahau kuiunganisha na kazi inayoifuata.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Nafasi ile ya siku 10 imesimama juu ya makadirio ya siku 40 za kuta. Kuta zikiisha siku ya 35, madirisha yanabaki na nafasi ya siku 5 bila mtu yeyote wa madirisha kufanya kosa. Zikichelewa hadi siku ya 46, nafasi inakuwa siku 16, na hakuna aliyeistahili. Isitoshe, hesabu hii hudhani kwamba fundi atapatikana siku yoyote ile ndani ya nafasi hiyo, wakati huenda ameshapangiwa mageti ya mradi huohuo.

Sijui hata kama ni vyema kumwonyesha fundi safu ya nafasi ya kuchelewa. Nikimwonyesha, atazitumia siku hizo kabla ya mwingine. Nikimficha, atajituma kwa tarehe ambayo mimi najua haina uzito anaoudhani. Kwa sasa nampa tarehe ya mapema na kumwomba aniarifu siku ya kwanza anapohisi kwamba ataikosa, ingawa siwezi kudai kwamba huo ni ukweli wote.