Betri mpya ikiungwa na yenye seli iliyokufa: umeme unaozunguka usiku kucha

Ukipita kwa mafundi sola wa Arusha, kuanzia Kilombero hadi Ngaramtoni, utakuta kazi moja inarudi kila mwezi. Mtu ana betri ya volti 12 iliyochoka na hana fedha ya kubadilisha mfumo wote, kwa hiyo ananunua betri moja mpya na kuiunga sambamba na ile ya zamani, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hoja yake inasikika nzuri: ampea-saa 100 na 100 ni 200, hata kama ya zamani imebaki nusu bado kuna faida. Baada ya wiki chache taa zinazima mapema kuliko zilivyozima kwa betri kuukuu peke yake, na lawama zinamwangukia aliyeuza betri mpya.

Mara nyingi betri mpya haina kosa lolote. Kosa ni mkondo unaopita kati ya betri hizo mbili, ambao hakuna taa wala redio iliyouomba.

Betri si chombo cha volti tupu. Ndani yake kuna kani inayosukuma umeme, na kuna ukinzani wa ndani unaotokana na bamba za risasi, asidi na viungio. Ukiunga betri mbili sambamba, yenye volti kubwa inasukuma umeme kuingia kwenye yenye volti ndogo, na kinachozuia mkondo huo ni ukinzani wa ndani wa zote mbili ukijumlisha na waya unaoziunganisha:

I = (E1 − E2) / (r1 + r2 + waya)

Volti ziko juu ya mstari, ukinzani uko chini, na ukinzani wa betri za asidi ni mdogo sana, wa kuhesabu kwa miliomu. Ndiyo maana tofauti ndogo ya volti huzaa mkondo mkubwa.

Tuchukue duka lenye taa za LED, televisheni ndogo na paneli ya wati 150. Betri mpya ya ampea-saa 100 imejaa na inasoma volti 12.7 ikiwa imepumzika. Ya zamani seli moja kati ya sita imekufa. Unga wa risasi umekuwa ukimomonyoka kutoka kwenye bamba miaka yote, umejikusanya chini kama tope, hadi umegusanisha bamba za chanya na hasi ndani ya seli hiyo. Seli tano zilizobaki zina volti 2.1 kila moja, kwa hiyo betri nzima inasoma 10.5. Tukadirie ukinzani wa ndani wa mpya ni miliomu 5, wa kuukuu 20, na waya pamoja na vibanio vyake 5. Jumla ni miliomu 30, yaani omu 0.03, na tofauti ya volti 2.2 ukigawanya kwa hiyo unapata ampea 73.

Hizo ampea 73 zinapita wakati swichi zote zimezimwa. Ndani ya betri kuukuu peke yake, mkondo ukizidishwa kwa wenyewe na kwa ukinzani wa omu 0.02, linazaliwa joto la wati 107. Fundi akiwa ameunganisha kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ndio uliobaki kwenye mfuko, ganda la waya linalainika na kunuka kabla hajakusanya vifaa vyake.

Kinachowapotosha watu ni mita. Ukipima betri mpya wakati huo utasoma kama 12.3, maana sehemu ya volti zake imemezwa na ukinzani wake wa ndani. Dakika chache baadaye mkondo unashuka na zote mbili zinasoma karibu 12.5. Mwenye duka anaona namba nzuri, fundi anaona namba nzuri, kazi inakabidhiwa. Lakini betri mbili zilizoungwa sambamba lazima zisome volti zilezile, au karibu kabisa, hata moja ikiwa mzima na nyingine mgonjwa. Usomaji huo haukuambii lolote kuhusu afya ya yoyote.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo mafundi wengi hawaitenganishi. Kama betri zote mbili ni nzima na moja tu ina chaji ndogo, tuseme 12.7 na 12.1, mkondo utaanza mkubwa kisha utapungua, kwa sababu ile ya chini inajazwa na volti zake zinapanda. Mwishowe zinalingana na mkondo unakoma. Kuna msukosuko wa mwanzoni, lakini una mwisho. Betri yenye seli iliyokufa haina mwisho huo. Seli tano haziwezi kamwe kutulia kwenye volti 12.5, kwa sababu hiyo ni volti 2.5 kwa kila seli, na seli ya asidi ikipita kama 2.4 imeshavuka kujaa. Umeme unaoendelea kuingia hauna pa kuhifadhiwa, unafanya kazi ya kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

Tuseme baada ya kushuka mkondo huo unakuwa wastani wa ampea 3. Ni kidogo kiasi kwamba waya haupati joto la kuhisi kwa mkono. Lakini kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni saa 12, na 3 mara 12 ni ampea-saa 36. Zaidi ya theluthi ya betri mpya imeondoka bila kuwasha hata taa moja. Kontrola haiwezi kusaidia: inakata mzigo volti zikishuka, lakini mkondo huu haupiti kwake. Unapita kwenye waya mfupi unaounganisha betri na betri.

Mchana nako hali si nafuu. Kontrola inataka kufikisha volti 14.4 ili betri mpya ijae vizuri. Betri kuukuu inakunywa sehemu kubwa ya umeme wa paneli, volti zinakwama mathalani kwenye 13.2, na jua linazama kabla ya 14.4 kufikiwa. Siku baada ya siku betri mpya inabaki nusu, na betri ya asidi ikiachwa na chaji pungufu bamba zake zinaota fuwele ngumu za salfeti zisizorudi tena kirahisi. Hivyo ndivyo mgonjwa anavyomwambukiza mzima. Ukija kuondoa ile kuukuu baada ya miezi sita, mpya nayo imepoteza uwezo wake.

Upande wa pili kuna maji na gesi. Kila ampea-saa moja inayopita kwenye seli iliyokwisha kujaa inapasua takriban gramu 0.34 za maji. Kwa ampea-saa 36 na seli tano hizo ni kama gramu 60 kwa usiku, sawa na kikombe kidogo cha kahawa, na haidrojeni inayotoka inakaribia lita 75. Hewa yenye haidrojeni kuanzia asilimia 4 inaweza kulipuka kwa cheche. Nasisitiza hili kwa sababu betri nyingi zinawekwa stoo isiyo na dirisha au chini ya kitanda, na usiku wa Julai huku chini ya Meru watu hufunga kila upenyo kwa baridi.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Fungua vifuniko vya betri kuukuu ikiwa ni ya kuongeza maji, ukiwa umevaa miwani na hakuna moto karibu. Seli tano zinatokota kama uji ulio jikoni na maji yake yameshuka, ya sita imetulia kimya, mara nyingi maji yake ni ya kijivu. Ganda lina uvuguvugu asubuhi na mapema wakati betri jirani ni ya baridi, na pengine kuna harufu ya yai viza. Mtu anayeongeza maji ya betri kila wiki kwenye seli zilezile tano ameshapata jibu lake.

Kwa uhakika zaidi, tenganisha betri, ziache zipumzike usiku mzima bila mzigo wala chaji, kisha pima kila moja peke yake. Inayosoma karibu 10.5 baada ya kuchajiwa vya kutosha ina seli iliyokufa na hakuna dawa. Kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, seli nzima iliyojaa inasoma kama 1.265, na iliyokufa inabaki chini sana, 1.15 au pungufu, hata baada ya kuchaji siku nzima. Kama hutaki kutenganisha, tumia klampu mita, inayobana waya na kusoma mkondo bila kuukata, kwenye waya wa kati unaounganisha betri mbili usiku, mzigo wote ukiwa umezimwa. Hakikisha inapima DC, kwa sababu klampu nyingi za bei nafuu zinapima AC tu na zitakuonyesha sifuri hata kama kuna ampea 20.

Wenye magari ya utalii wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Betri ya friji ikichoka, relei inayoiunga na betri ya kuwashia ikigoma kuachia usiku porini, asubuhi gari haliwaki. Ni mkondo uleule.

Na betri nzima mbili zenye chaji tofauti? Chaji kila moja peke yake hadi ijae, zipumzike, na usiziunge moja kwa moja kama zinapishana zaidi ya volti 0.1. Zikipishana kidogo, mimi hutumia balbu ya breki ya wati 21. Unaunga hasi kwa hasi moja kwa moja, chanya kwa chanya kupitia balbu. Ikiwa baridi, balbu ina ukinzani wa kama omu 0.6, kwa hiyo tofauti ya volti 0.6 haitapitisha zaidi ya ampea 1 hivi. Iache hadi asubuhi. Balbu ikiwaka kwa nguvu papo hapo, umegeuza chanya na hasi, au moja ni ya volti 24, na afadhali iungue balbu kuliko mkono wako: betri ya 24 ikiungwa moja kwa moja na ya 12 inaweza kupitisha zaidi ya ampea 600.

Zikishalingana ziunge kwa waya mnene wenye urefu sawa, kila chanya na fyuzi yake. Fyuzi itakulinda na ampea 73, lakini ampea 3 za usiku itazipitisha bila kujali. Kwa hiyo rudi na klampu usiku wa pili, zima mzigo wote, na usome waya wa kati. Ukikuta zaidi ya nusu ampea na haishuki hadi kesho yake, tenganisha betri zote mbili upime upya.