Gari la wagonjwa likirudi: hesabu kilichobaki, usihesabu unachokumbuka

Gari linaingia getini saa 8:20 usiku. Muuguzi ana damu kwenye mikono ya koti, dereva anawaza chai, na kila mmoja anaona kazi imeshaisha kwa sababu mgonjwa amefikishwa. Kwetu sisi wa idara ya dharura, safari haijaisha. Inaisha gari likiweza kuondoka tena, na hilo linajulikana kwa orodha ya kujaza vifaa, ambayo lazima ishikwe usiku huo huo. Ikiachwa hadi zamu ya asubuhi, itajazwa na mtu ambaye hakuwepo safarini.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa vituo vya afya, madereva, na wajumbe wa kamati za afya ambao wana haki ya kuliomba daftari hili na kulisoma. Nitafuata safari moja tu, ya aina tunayoipata mara kwa mara: mama amejifungua kituoni, damu haikatiki, anapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, mwendo wa dakika 70.

Kwenye taarifa ya mgonjwa, muuguzi aliandika kwamba aliweka kanula mbili za kijivu, yaani namba 16, moja kila mkono. Ni kweli. Lakini kasha lililoondoka na kanula nne za kijivu lilirudi na moja. Ile ya tatu ilijaribiwa ikashindikana, kwa kuwa mishipa ya mtu aliyepoteza damu hunywea na gari nalo linaruka kwenye makorongo. Nani ataandika kanula iliyoshindikana? Ikafungiwa kwenye sefti boksi ikasahaulika. Ukijaza kwa kufuata taarifa utaongeza mbili, na kasha litaondoka na tatu. Baada ya safari mbili tatu za namna hiyo, kijivu hakuna, zimebaki za bluu ambazo hazifai kumwongezea maji mtu mzima anayevuja damu.

Kwa hiyo fomu yetu haina sehemu ya kuweka alama ya vema. Ina nafasi tatu za tarakimu: idadi kamili, iliyobaki, iliyoongezwa. Kanula za kijivu: 4, 1, 3. Maji ya dripu aina ya Ringa, chupa za mililita 500: 6, 2, 4. Mtu anaweza kuweka vema bila kufungua kasha. Kuandika "1" bila kufungua ni vigumu zaidi, ingawa wapo wanaoweza.

Sasa oksijeni, ambayo ndiyo inayotudanganya kuliko vyote. Mtungi wetu wa ndani ya gari una ujazo wa lita 10. Kupata oksijeni iliyomo, zidisha ujazo huo kwa namba ya geji: bar 150 ni kama lita 1500. Usiku ule uliondoka ukiwa bar 130, sawa na lita 1300. Mama alikuwa kwenye barakoa yenye mfuko, lita 10 kwa dakika, kwa dakika zote 70. Zimekwenda lita 700, zimebaki 600, na geji inasoma bar 60.

Ukiitazama sindano ya geji imekaribia katikati, na mtu aliyechoka ataandika "oksijeni ipo". Fanya hesabu. Sisi hatugusi bar 20 za mwisho, hizo ni akiba. Zinabaki bar 40, lita 400, ambazo kwa mwendo ule ule ni dakika 40. Hospitali ya mkoa iko dakika 70. Mgonjwa anayefuata angeishiwa oksijeni barabarani, na geji iliyotazamwa ilikuwa karibu nusu.

Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba gari liondoke na oksijeni ya safari yetu ndefu zaidi mara moja na nusu, maana pancha na mvua havina ratiba. Dakika 70 zinakuwa 105, kwa lita 10 ni 1050, ongeza akiba ya 200, jumla 1250. Yaani chini ya bar 125 mtungi unashushwa garini. Wengine huona huo ni ufujaji. Si ufujaji, kwa sababu mtungi wa bar 60 hautupwi: unapelekwa wodini, ambako mgonjwa wa lita 2 kwa dakika atautumia zaidi ya saa tatu, na mtungi mwingine uko karibu. Kituo chenye safari ya dakika 25 kitapata namba yake ndogo zaidi. Ipigeni wenyewe, kisha iandikeni kwa kalamu nene ukutani mwa gari, juu ya geji.

Vipo vifaa ambavyo kuviona hakutoshi. Ambu bagi ndiyo mfano wangu mkubwa. Niliwahi kukuta moja safi, imeoshwa, imekaushwa, imerudishwa mahali pake, na haipulizi hewa. Aliyeiosha aliirudisha bila kile kipande chembamba cha mpira ndani ya vali. Kilibaki kwenye beseni. Jaribio ni la sekunde kumi: ziba kwa kiganja upande unaokwenda kwa mgonjwa, kisha kamua. Bagi ikigoma kubonyea, vali inashika. Ikibonyea kwa urahisi, hewa inapotea mahali. Mashine ya kufyonza nayo iwashwe kwa betri yake, si kwa umeme wa ukutani, kisha uzibe mrija kwa kidole utazame kama geji inapanda.

Usafi unatangulia kujaza. Damu ifutwe kwanza, ndipo ipite jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, ikae dakika 10, halafu futa kwa maji kwa sababu klorini inakula chuma cha machela.

Dawa ya oksitosini hailali garini. Inataka nyuzi joto 2 hadi 8, na ndani ya gari lililoegeshwa juani haipati hata saa moja ya hali hiyo. Inakaa kwenye friji ya wodi ya wazazi, inatoka na kiboksi cha baridi kila safari. Kwenye orodha ya gari tunaandika tu kwamba kiboksi kipo na barafu yake imerudishwa kugandishwa. Traneksamiki asidi haihitaji friji, hiyo inabaki kwenye kasha.

Halafu kuna vitu vilivyobaki na mgonjwa: barakoa, blanketi, na lile vazi la kuzuia mshtuko alilofungwa miguuni na tumboni. Vazi halivuliwi mlangoni ili gari liwahi kurudi. Mama anabaki nalo mpaka damu ikatike na hali yake itulie. Basi dereva huondoka na karatasi ya madai iliyosainiwa na wodi iliyompokea, au na vazi jingine la kubadilishana kama wanalo. Bila karatasi hiyo, vazi linahesabiwa limepotea.

Makasha ambayo hayakuguswa yana lakiri za plastiki zenye namba, hayafunguliwi. Lakiri iliyokatika pekee ndiyo inayohesabiwa, na hiyo ndiyo inayofanya kazi yote iishe kabla chai haijapoa. Usiku ule namba za lakiri mpya ziliandikwa na saini zikawa mbili, ya muuguzi na ya dereva, saa 8:55. Mtungi mpya ulisoma bar 145. Nafasi ya vazi iliandikwa 1, 0, 0, na karatasi ya madai ikabanwa pale pale. Vazi lenyewe lilirudi Alhamisi.