Funza, buu wa nzi na minyoo-waya si mdudu mmoja

Kila kidudu chororo kinachokutwa udongoni au ndani ya tunda lililooza huitwa funza, kisha kinamwagiwa dawa ileile. Ni kweli kwamba hawa watatu wote ni mabuu, yaani wadudu ambao hawajakomaa. Lakini wazazi wao ni tofauti na chakula chao ni tofauti, na kuwatambua si kazi ngumu: tazama kichwa, kisha miguu, kisha umbo.

Buu wa nzi, awe wa nyumbani au wa matunda, ndiye anayekosewa zaidi. Hana mguu hata mmoja, wala hana kichwa kigumu kinachoonekana. Mwili wake umechongoka upande mmoja na ni butu upande wa pili. Kwenye upande butu kuna vidoa viwili vyeusi, na watu huapa kwamba ni macho. Sivyo: ni matundu ya kupumulia, na huko ni nyuma. Kichwa kiko kwenye ncha iliyochongoka. Mtazame akiwa hai na utaona kitu cheusi kikienda mbele na nyuma chini ya ngozi. Hizo ni kulabu za mdomo, anazochania chakula.

Mabuu wa mbawakawa wana kichwa kigumu cha kahawia chenye taya, na wengi wana miguu sita karibu na kichwa. Akiwa mnene, mweupe, amejikunja kama herufi C, na sehemu ya nyuma imetiwa weusi na alichokula, huyo ni funza mweupe. Akiwa mwembamba, amenyooka, wa rangi ya kahawia-manjano inayong'aa, na mgumu kiasi kwamba ukimbinya kidogo kwa vidole hapondeki, huyo ni minyoo-waya. Jina lisikudanganye: mnyoo hana miguu, lakini huyu anayo.

Sasa inua tunda lililooza chini ya mti. Ndani kuna mabuu weupe wasio na miguu, na pengine mmoja atajipinda na kuruka ghafla, kama wafanyavyo nzi wa matunda wanapokaribia kutoka. Fukua udongo kidogo chini yake na utawakuta wengine, pamoja na vijipipa vidogo vya kahawia. Wengi hapo husema wamemkamata mla mizizi. Hapana, huyo amemaliza kula. Ameingia udongoni kugeuka bundo, kisha atoke akiwa nzi. Mizizi mara nyingi hutafunwa na wale wenye taya na miguu, na hata miongoni mwao wapo funza weupe wanaokula mabaki yanayooza tu.

Na ukimkuta asiye na miguu lakini mwenye kichwa kigumu cha kahawia, usimwite buu wa nzi wa matunda. Huenda ni mtoto wa fukusi, ambaye ni mbawakawa pia.