Mnyororo wa vifafanuzi katika hataza za Kichina

Kiswahili hutaja kitu kwanza, kisha hukieleza: gia iliyokazwa, gia ya kuzungushia. Kichina hufanya kinyume. Maelezo hutangulia na nomino huja mwishoni. Katika hataza, yaani hati za kulinda haki ya uvumbuzi, maelezo hayo huungwa kwa neno dogo 的, linalotamkwa *de*, moja baada ya jingine, hadi msomaji anafika kwenye kitu chenyewe akiwa na habari tatu au nne asizojua ni za nani. Huo ndio mnyororo wa vifafanuzi. Hiki hapa ni kirai kuhusu mashine ya kukorogea:

```
安装在壳体内壁上的电机的输出轴上固定的用于带动搅拌叶片转动的齿轮
```

Neno la mwisho, 齿轮, ni gia. Lakini kile kifungu cha mwanzo, "iliyofungwa kwenye ukuta wa ndani wa kasha", ni sifa ya mota inayokifuata au ya gia iliyo mbali kule mwishoni? 的 haisemi. Ukitafsiri kwa mkupuo, "gia iliyokazwa kwenye shafti ya mota iliyofungwa kwenye ukuta", utata unahamia kwenye Kiswahili, maana gia, shafti na mota zote ni za ngeli ya I-ZI. Upatanisho, ambao mara nyingi hutuokoa, hapa hausaidii kitu.

Dawa ni kuanzia kwenye nomino ya mwisho, kisha kutafuta vitenzi vinavyobeba kazi. Hapa kuna kufunga (安装), kukaza (固定) na kuendesha (带动). Kila kimoja kipewe sentensi yake. Kabla ya kuandika, tazama mchoro: mota ikichorwa imeegemea ukuta na gia iko kwenye ncha ya shafti, swali limekwisha.

"Mota imefungwa kwenye ukuta wa ndani wa kasha. Gia imekazwa kwenye shafti ya kutolea nguvu ya mota. Kazi ya gia ni kuzungusha mapanga ya kukorogea."

Nomino zimerudiwa makusudi, kwani "hiyo" ingerudisha utata tulioutoa. Na sikuandika "gia inazungusha mapanga", kwa sababu 用于 hutaja matumizi yaliyokusudiwa, si tendo linaloendelea. Tofauti hiyo ni nzito: inaweza kubadilisha upana wa haki inayodaiwa.

Njia hii inafaa sehemu ya maelezo ya uvumbuzi. Sehemu ya madai ina sheria yake: miongozo ya uchunguzi ya China inataka kila dai liwe sentensi moja, yenye nukta mwishoni tu. Huko usikate kwa nukta. Orodhesha mota, kisha gia, kila kimoja na sifa zake, na utenganishe kwa nuktamkato.