Salio la daftari na salio la benki

“Daftari langu linasema 1,240,000, benki inasema 1,418,000. Je, niongeze 178,000 kwenye daftari ili zilingane?”

Hapana, usiongeze. Tofauti hiyo si lazima iwe kosa la mtu, kwa kuwa kila upande huandika muamala siku unapoufikia. Chukua taarifa ya benki, weka alama ya vema kwenye kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili, kisha tazama vilivyobaki bila alama.

Tuseme imebaki hundi ya 200,000 uliyomwandikia msambazaji wa unga tarehe 29, ambayo hajaipeleka benki, na makato ya benki ya 22,000 ambayo hukuwa na habari nayo. Makato yaandike kwenye daftari, nalo litasoma 1,218,000. Hundi usiiguse, maana umekwisha kuiandika. Itoe tu kwenye salio la benki katika karatasi ya usuluhishi, yaani ile unayolinganishia daftari na benki, na salio hilo pia litakuwa 1,218,000.

Angalia kwamba hakuna muamala wowote wa 178,000, kwa hiyo anayeutafuta atahangaika bure. Anayeuongeza kwa nguvu ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu msambazaji akichukua fedha zake mwezi unaofuata, benki itashuka, na daftari litaendelea kuonyesha 200,000 ambazo duka halina, huku mwenye duka akiagiza mzigo kwa kuzitegemea.