Themanini kwa ishirini: kupanga bidhaa na wateja wa duka la jumla Lamu

Mwenye duka la jumla pale Langoni ana vijana wawili, mkokoteni mmoja, na mtaji unaozunguka kati ya rafu na daftari la madeni. Mzigo wake unatoka Mombasa kwa lori, unapita Malindi na Minjila hadi Mokowe, unapakiwa kwenye boti, kisha mahamali na punda wanaumalizia. Kila gunia limeshikwa na mikono mingi kabla halijauzwa. Ndiyo maana tunapoketi na wasambazaji wadogo, swali letu la kwanza ni hili: nguvu hii kidogo inakwenda kwa nani na kwa bidhaa gani?

Njia tunayoitumia inatokana na alichokiona Vilfredo Pareto, mchumi wa Kiitalia, mwishoni mwa karne ya 19: mali ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Baadaye Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa viwandani, aliona mtindo huohuo katika kasoro, kwamba sababu chache huzaa sehemu kubwa ya hasara. Kwenye biashara husemwa kuwa asilimia 20 ya bidhaa au wateja huleta asilimia 80 ya mauzo. Usizishike namba hizo kama sheria. Duka lako linaweza kuwa 30 kwa 70, au 10 kwa 60. Wala si lazima namba mbili zijumlishe 100, kwa sababu moja inahesabu bidhaa na nyingine inahesabu pesa.

Tuchukue mfano wa duka lenye bidhaa 90 na wateja 60, lililouza shilingi milioni 6 kwa miezi mitatu. Kusanya risiti zote. Andika kila bidhaa na jumla ya mauzo yake, panga kuanzia kubwa kushuka chini, kisha jumlisha ukiteremka. Karatasi yenye mistari inatosha. Ukiwa na kompyuta, weka majina kwenye safu ya A na mauzo kwenye safu ya B, kuanzia mstari wa 2. Kwenye C2 andika hivi, kisha uivute hadi chini:

```
=SUM($B$2:B2)/SUM($B$2:$B$91)
```

Utaona pale hesabu inapokaribia 0.8. Katika mfano wetu inafika hapo kwenye bidhaa ya 18. Fanya vivyo hivyo kwa wateja, na mstari wa mwisho utakuwa wa 61 badala ya 91.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea. Orodha ya mauzo inaonyesha pesa zilizopita mkononi, haionyeshi zilizobaki. Kwenye duka letu sukari ndiyo namba moja: mifuko 150 ya kilo 50, kila mmoja ukiuzwa shilingi 6,650. Jumla ni 997,500. Lakini mfuko huo, ukihesabu bei ya kununulia, lori, boti na hamali, umefika dukani kwa 6,500. Faida ni 150 kwa mfuko, yaani 22,500 kwa miezi mitatu. Sabuni ya mche iko mbali chini kwenye orodha: katoni 120 kwa 1,500, jumla 180,000. Faida yake nayo ni 150 kwa katoni, yaani 18,000. Sukari imeuza zaidi ya mara tano ya sabuni, imebebesha watu tani saba na nusu, na imezidi kwa shilingi 4,500 tu. Kwa hiyo panga orodha ya pili, ya faida, uiweke kando ya ile ya kwanza. Bidhaa zinazoruka nafasi nyingi kati ya orodha hizo mbili ndizo za kuzungumzwa.

Kwa wateja, tofauti huwa kali zaidi, maana kwetu bahari ina bei yake. Mteja wa Kizingitini amenunua bidhaa za 540,000, ni wa pili kwenye orodha. Faida dukani ni asilimia 5, yaani 27,000. Lakini anapelekewa mzigo mara mbili kwa mwezi, safari sita, na kila safari nauli ya boti ni 2,500 na hamali 600, vyote vikilipwa na msambazaji. Hizo ni 18,600. Kilichobaki ni 8,400, naye hulipa baada ya siku 50. Mteja wa Mokowe amenunua za 260,000 tu, faida asilimia 6, yaani 15,600. Anauchukua mzigo wake mwenyewe na kulipa kwa M-Pesa papo hapo. Huyu anayeonekana mdogo ameacha karibu mara mbili ya yule mkubwa.

Je, wa Kizingitini aachwe? Hapana. Safari zikiwa tatu badala ya sita, kwa mzigo uleule, gharama inashuka hadi 9,300 na kinachobaki kinapanda hadi 17,700. Ila tazama upande wa pili: mzigo wa mwezi mzima kwa mkupuo mmoja ni deni kubwa maradufu kila unapotoka, kwa hiyo nusu ilipwe kabla ya boti kung'oa nanga. Na siku ipangwe pamoja naye kwa kufuata maji, maana boti inayopita mkondo wa bahari wa Mkanda inangoja yajae.

Mkiani mwa orodha pia pana mtego. Hamira imeuza 9,000 tu, ni ya 70. Mtu mwenye haraka angeifuta. Kabla ya kufuta, rudi kwenye risiti zenye bidhaa hiyo uone imenunuliwa pamoja na nini. Ukikuta risiti 14 za hamira, na 11 kati yake zina unga wa ngano, basi hamira inamleta mwoka mikate kwako. Ukiiondoa, atakwenda kununua hamira kwingine, na unga ataununua hukohuko. Bidhaa inayofaa kuondolewa ni ile iliyokaa rafuni, inanunuliwa peke yake mara moja moja, na pesa yake imelala. Hiyo uza kwa bei uliyonunulia, usiagize tena.

Miezi mitatu nayo inaweza kudanganya. Ikiangukia Ramadhani, sukari, tende na unga vitapanda juu kuliko kawaida. Ikiangukia Mfungo Sita, wageni wa Maulidi watazipandisha bidhaa nyingine. Kusi likivuma, safari za visiwani hupungua na wateja wa huko huonekana wadogo kuliko walivyo. Bora utumie risiti za mwaka mzima. Ukilinganisha miaka miwili, kumbuka Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo Machi ya mwaka huu si lazima ifanane na Machi iliyopita. Bidhaa uliyoanza kuiuza juzi, na mteja aliyefungua duka mwezi uliopita, waandike kwenye karatasi yao peke yao hadi wamalize miezi mitatu.

Orodha zikishakamilika, chagua bidhaa zisizozidi kumi ambazo hazitaruhusiwa kuisha dukani, na uandike kando ya kila moja kiasi ambacho kikifikiwa, agizo linapigwa Mombasa siku hiyohiyo. Kiasi hicho kihesabu siku za lori na siku ya kungoja boti Mokowe. Kama sabuni inatoka katoni 10 kwa wiki na mzigo huchukua wiki moja kufika, usingoje zibaki 10. Agiza zikibaki 15, maana lori linaweza kuchelewa njiani.