Kwa nini mkandarasi akiomba muda zaidi huomba na pesa zaidi?

"Nyumba ni ileile, ramani ni ileile. Mkandarasi kaniletea barua ya ombi la mabadiliko: anataka wiki nne zaidi na milioni nane juu. Muda naelewa, lakini kwa nini muda uje na pesa? Na nitajuaje kama barua yenyewe ni ya kweli?"

Saiti hula pesa kila wiki, hata siku ambayo hakuna jiwe lililowekwa. Mlinzi analala pale, jukwaa ni la kukodi, stoo inalipiwa pango, msimamizi ana mshahara. Kazi ikichelewa wiki moja, hayo yote hulipwa mara moja zaidi. Kwa hiyo barua kama hiyo huwa na pesa za aina mbili: za kazi iliyoongezeka, na za siku zilizoongezeka. Ikiandikwa vizuri, aina hizo hazichanganywi. Ikizichanganya katika jumla moja, irudishe kabla hujasoma zaidi.

Nichukue mfano wa nyumba ya mawe ya matumbawe pale Mji Mkongwe, Bagamoyo, kwa sababu nyumba za namna hiyo ndizo zinazozaa barua hizi kuliko zote. Hesabu ni za mfano, lakini zinakwenda kama zinavyokwenda saiti. Ukarabati umepangiwa wiki 24, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Oktoba hadi wiki ya tatu ya Machi. Bajeti ni shilingi 84,000,000, na ndani yake mna fungu la dharura la 4,000,000. Mwisho wa kazi uliwekwa Machi makusudi, ili plasta ya chokaa imalizike kabla masika hayajakolea mwezi wa Aprili.

Wiki ya saba mafundi wanabandua plasta ya saruji iliyopigwa na mkarabati wa zamani chumba cha juu. Nyuma yake, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeoza. Boriti hizi ni za mikoko, na dari lote la zege la chokaa limezilalia. (Urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haufiki mita tatu, ndio uliofanya vyumba vya nyumba hizi viwe vyembamba na virefu.) Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi ya matumbawe hukosa pa kutokea, hurudi ndani, na mti huoza pale usipoonekana. Makadirio yalisema boriti 10 kati ya 46 zitabadilishwa. Sasa ni 27.

Hatua ya kwanza siku hiyo si kukokotoa pesa. Ni kuandika taarifa fupi, ukurasa mmoja: tumekuta hiki, mahali hapa, tarehe hii, tunadhani kitagusa muda na gharama, hesabu inafuata. Mikataba mingi huweka ukomo wa taarifa hiyo. Kwenye mikataba ya mfano ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi ana siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua, na maelezo kamili huletwa ndani ya siku 42. Akizipitisha siku 28 bila kuandika, haki yake ya kudai inapotea, hata kama uozo ni wa kweli. Mkataba wako mdogo unaweza kuwa na siku chache zaidi. Soma kifungu chake kabla ya kubishana.

Pia boriti mbovu zisitolewe kabla mwenye nyumba hajaziona. Zipewe namba kwa chaki, zipigwe picha zikiwa bado ukutani na futi ya kupimia pembeni. Nimeona madai ya haki kabisa yakikataliwa kwa sababu ushahidi ulishageuzwa kuni.

Sasa muda. Watu wengi hujumlisha ucheleweshaji wote wakapata namba kubwa, na hapo ndipo barua nyingi huharibika. Kinachosogeza tarehe ya mwisho ni ule mlolongo wa kazi ambao moja haianzi mpaka nyingine iishe: hapa ni boriti, kisha zege la dari, kisha plasta, kisha chokaa ya rangi. Milango inayochongwa kwa fundi seremala ina mwanya wa wiki tatu kwenye ratiba. Ikichelewa wiki mbili, tarehe ya mwisho haisogei hata siku moja.

Boriti 17 za ziada, zenye kibali halali cha mikoko, zinafika baada ya wiki mbili. Lakini wiki ya kwanza kati ya hizo mafundi bado walikuwa na zile 10 za awali za kufunga. Kwa hiyo kusubiri kunakula wiki moja tu. Kuzifunga na kurudishia zege lake ni wiki mbili. Kuna pia mita za mraba 38 za ukuta wa chini zilizokutwa na saruji ileile, lakini hizo zinapigwa chokaa wakati wa kusubiri boriti, basi haziongezi siku. Jumla hadi hapo ni wiki tatu.

Wiki tatu hizo zinaitoa plasta Machi na kuitupa katikati ya masika. Chokaa hukauka na kuwa ngumu polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa, na kila mkono wa plasta hungoja uliotangulia ushike. Ukuta ukiloweshwa na mvua, kungoja hurefuka. Kwa hiyo wiki moja zaidi, pamoja na maturubai ya kufunika jukwaa. Zinakuwa wiki nne.

Mkandarasi huyuhuyu alipoteza wiki nzima mwezi Oktoba, mafundi wake walipohamia kazi nyingine. Wiki hiyo haimo katika maombi, na barua inasema hivyo waziwazi: hiyo ni yangu, nitaifidia kwa kufanya kazi Jumamosi. Mtu akikuandikia hivyo, msikilize. Barua isiyo na kosa hata moja la mwandishi wake huwa imeficha mahali.

Upande wa pesa, kazi iliyoongezeka ndiyo nyepesi kuikagua, maana bei za kila kipimo ziko kwenye mkataba. Boriti 17 kwa 140,000 ni 2,380,000. Zege la chokaa mita za mraba 22 kwa 85,000 ni 1,870,000. Ukuta mita za mraba 38 kwa 45,000 ni 1,710,000, na hiyo 45,000 ni tofauti, baada ya kutoa rangi iliyokuwa imetengewa ukuta uleule. Zinafika 5,960,000. Maturubai na mbao zake ni 640,000.

Siku zilizoongezeka zinahesabiwa kwa gharama za saiti za wiki moja. Msimamizi 350,000, jukwaa 280,000, mlinzi 120,000, stoo na maji na umeme 90,000, usafiri 60,000. Ni 900,000 kwa wiki, mara nne, 3,600,000. Hapa ndipo wizi au uzembe hujificha. Bei ya boriti moja kwenye mkataba mara nyingi tayari ina sehemu ya msimamizi na usafiri ndani yake. Akidai tena msimamizi mzima kwa wiki zilezile za kufunga boriti, umelipishwa mara mbili. Mwombe afungue bei ya 140,000: mti, chokaa, fundi, na nini kingine? Kama msimamizi yumo, mtoe upande mmoja. Katika mfano wetu hayumo.

Jumla ni 10,200,000. Kwa nini basi anaomba milioni nane? Kwa sababu fungu la dharura lilitengwa kwa mambo ya namna hii. Katika 4,000,000, laki nane zilishatumika kwenye mtaro wa maji, zimebaki 3,200,000. Barua inachukua 2,200,000 humo na kuacha milioni moja, kwa kuwa bado kuna vyumba viwili havijabanduliwa. Pesa mpya ni 8,000,000, na bajeti inakuwa 92,000,000. Kuomba nyongeza huku fungu la dharura halijaguswa ni kumfanya mwenye nyumba alipe mara mbili. Kulikomba lote ni kujipangia barua ya pili.

Wiki ya mvua ndiyo itakayobishaniwa. Mikataba mingi husema mvua, tena ile iliyozidi kawaida tu, humpa mkandarasi muda lakini haimpi pesa. Mkandarasi atajibu kwamba asingefika Aprili kama si boriti zako zilizooza. Wewe utamkumbusha wiki yake ya Oktoba. Kwa maoni yangu mkandarasi ana hoja, maana hata bila wiki hiyo ya Oktoba plasta ingeangukia Aprili. Lakini la muhimu ni kwamba ile 900,000 ya wiki ya mvua imeandikwa mstari wake peke yake, ili uweze kuikata bila kuivunja barua nzima.

Barua nzuri huonyesha pia njia zilizoachwa. Kurudishia saruji kungeokoa wiki ya mvua, lakini ndiyo iliyoozesha boriti, na jengo likiwa limetangazwa kuwa kumbukumbu chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, mabadiliko ya namna hiyo yanataka ruhusa. Kuacha baraza ya nje ifanywe mwakani kungebakiza bajeti ya awali. Hiyo ni njia halali, na ni ya mwenye nyumba kuichagua, si ya mkandarasi kuinyamazia.

Ukikubali, usikubali kwa mdomo wala kwa ujumbe wa simu unaosema "sawa fundi". Weka saini, tarehe, kiasi ulichokubali na tarehe mpya ya mwisho. Kama mkataba una faini ya kuchelewa, inahesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa. Bila saini hiyo, faini inaanza kukimbia wiki ya tatu ya Machi huku nyinyi wawili mnadhani mmeshaelewana. Na ukikubali muda ukakataa pesa, andika hivyohivyo, kwa sababu ni majibu mawili tofauti.